Foleni ya Kitabu Kisicho na Karatasi

"Kaka, hebu nieleweshe," aliniambia Mama Asha, akinisogezea simu yake juu ya meza. "Kama kitabu kiko ndani ya simu, karatasi hakina, jalada hakina, nani tena kakibeba kwenda nacho nyumbani?"

Mama Asha ni mtu wa Ujiji, tunaishi naye mtaa mmoja hapa Ohio. Anafanya kazi ya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wiki hiyo alikuwa amepata kadi ya maktaba ya umma. Mkutubi alimwekea Libby, programu ya kuazima vitabu vya maktaba, kwenye simu, akamwonyesha namna ya kuingiza namba ya kadi, akamwambia vitabu vyote humo ni bure. Akatafuta kitabu cha malezi ambacho wenzake kazini hawakuacha kukitaja. Kilikuwepo. Lakini badala ya neno Borrow kulikuwa na Place Hold, na chini yake hesabu: maktaba ina nakala 10, zote ziko kwa watu, na yeye akijiandikisha atakuwa wa 97.

Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi yanayotolewa. Faili la kitabu likishakaa kwenye seva, kulinakili mara elfu moja hakugharimu chochote cha maana. Foleni ya watu 97 haitokani na upungufu wa kitu chochote duniani. Imeandikwa kwenye mkataba, na mkataba huo ndio ninaotaka tuufungue hapa, kwa sababu maktaba na wachapishaji wa kwetu Afrika Mashariki wako katika hatua ya kusaini ya kwao, na kuna kifungu kimoja humo ambacho kikikosewa kitawaumiza zaidi wasomaji na waandishi wa Kiswahili kuliko Wamarekani waliokianzisha.

Tuanze na kitabu cha karatasi, maana chote kinaanzia hapo. Maktaba ikinunua kitabu dukani kwa dola 18, kitabu ni mali yake. Itakigonga muhuri, itakiazimisha kwa yeyote, kwa miaka mingapi ipendavyo, na siku kikichoka itakiuza kwa nusu dola kwenye meza ya vitabu chakavu. Mchapishaji hana tena kauli. Marekani, Mahakama ya Juu ililisema hilo mwaka 1908, katika kesi ya mchapishaji aliyetaka kumpangia muuzaji bei ya kuuzia kitabu alichokwisha kukinunua, na leo limo kwenye kifungu cha 109 cha sheria yao ya hakimiliki. Ukishanunua nakala halali, unaweza kuiuza, kuigawa au kuiazimisha bila kumwomba mtu ruhusa. Maktaba zote za kuazima zimesimama juu ya nguzo hiyo.

Kitabu cha kidijitali hakiuzwi kwa maktaba. Kinakodishwa. Maktaba inapata leseni kupitia wakala, na wakala mkubwa kuliko wote kwa maktaba za umma ni OverDrive, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1986 na yenye makao yake karibu na Cleveland, mwendo wa saa chache kutoka hapa tulipo. Ndiyo iliyoitoa Libby mwaka 2017, na kwa shule inayo Sora, ambayo ni ndugu wa Libby kwa tumbo moja. Wakala haamui masharti peke yake. Kila mchapishaji anakuja na yake, na sharti la msingi karibu kwa wote ni hili: leseni moja, msomaji mmoja kwa wakati. Maktaba ikilipia leseni 10, watu 10 tu ndio wanaoweza kuwa na kitabu hicho kwa pamoja. Wa 11 anapanga foleni, ingawa faili ni lilelile moja.

Hadi hapo mtu anaweza kusema ni haki. Kitabu cha karatasi nacho hakisomwi na watu wawili katika nyumba mbili, na mwandishi lazima ale. Nakubali. Mashaka yangu yako kwenye sharti la pili.

Mwaka 2011 HarperCollins walitangaza kwamba leseni zao za maktaba zitakufa baada ya kuazimwa mara 26. Namba hiyo haikuokotwa: mikopo 26 ya wiki mbili mbili ni mwaka mmoja. Hoja iliyotolewa ni kwamba kitabu cha karatasi nacho huchakaa, maktaba ikalazimika kununua kingine. Wakutubi wa Oklahoma wakaenda kwenye rafu zao, wakashusha vitabu vya HarperCollins vilivyokwisha kuazimwa mara nyingi zaidi ya hizo, wakavipiga picha za video: kurasa zimo, gundi imeshika, jalada limefifia kidogo basi. Yeyote aliyewahi kufungua kitabu cha maktaba ya mkoa kule nyumbani na kuikuta ile karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma, mihuri imeijaza mpaka wakabandika ya pili juu yake, hahitaji video hiyo.

Wachapishaji wengine wakubwa wakachukua njia tofauti. Hawakuhesabu mikopo, walihesabu muda. Penguin Random House waliwahi kuuza leseni isiyo na kikomo kwa bei iliyofika dola 65. Oktoba 2018 wakashusha kilele cha bei hadi dola 55, ila leseni ikawa inakufa baada ya miaka miwili. Hachette wakafuata Julai 2019, Simon & Schuster Agosti mwaka huohuo. Ndani ya miezi kumi na moja, vitabu vingi ambavyo watu wengi wanavitafuta vikawa si vya kununuliwa tena na maktaba, ila vya kupangishwa kwa miezi 24.

Sasa turudi kwenye simu ya Mama Asha, tuone masharti hayo yanavyotembea ndani ya foleni yake. Tuseme kila leseni kati ya zile 10 ililipiwa dola 60 kwa miaka miwili, bei ambayo si ya ajabu kwa kitabu kinachovuma, wakati wewe na mimi tungekinunua kwa dola 15 hivi. Muda wa mkopo katika maktaba yake ni siku 21. Kitabu kikirudi, anayefuata anapata taarifa, naye ana siku tatu za kukichukua. Wengine wanakichukua dakika hiyohiyo, wengine wanangoja mpaka siku ya tatu, kwa hiyo tuhesabu siku moja ya kukaa bure katikati. Kila nakala basi inazunguka kwa siku 22.

Miaka miwili ni siku 730. Gawa kwa 22, unapata mikopo 33. Maktaba imelipa dola 60 kwa mikopo 33, yaani kama dola 1 na senti 80 kila mtu anapofungua kitabu. Mama Asha ni wa 97 kwenye nakala 10, kwa hiyo zamu yake inafika baada ya mizunguko kama 10. Mizunguko 10 ya siku 22 ni siku 220, zaidi ya miezi saba. Mtoto aliyemtafutia kitabu cha malezi atakuwa ameshaota meno.

Badilisha kitu kimoja tu. Tuseme watu hawakai na kitabu siku zote 21, wanakirudisha wakimaliza, na kwa wastani wanamaliza siku ya tisa. Mzunguko unakuwa siku 10. Foleni ileile ya watu 97 inashuka hadi siku 100, miezi mitatu na kidogo. Na leseni ileile ya dola 60 inazaa mikopo 73 badala ya 33, kila mmoja kwa senti 82. Hakuna aliyeongeza hata senti. Watu walibonyeza tu Manage Loan, kisha Return Early.

Wasomaji wengi hawabonyezi. Nimeuliza kwa marafiki, na jibu ni moja: "Si kitajirudisha chenyewe?" Ni kweli, kitajirudisha. Siku ya 21 ikifika faili linafungika, hakuna faini, hakuna aibu ya kukutana na mkutubi. Ile hofu ya faini iliyokuwa ikiturudisha dirishani na kitabu mkononi imeondoka, na pamoja nayo imeondoka sababu ya kurudisha mapema. Kitabu ulichokimaliza siku ya nne kinalala kwenye simu yako siku 17 zaidi, na mtu wa 97 anakingoja.

Ila hapa kuna jambo ambalo hata wasomaji wazoefu hawalijui, nami lilinichukua muda kulielewa. Kurudisha mapema hakuna maana moja kwa kila kitabu. Kwa leseni ya miezi 24, kama nilivyoonyesha, unaisaidia foleni na unaisaidia pia maktaba kifedha, kwa sababu saa inakwenda tu, iwe kitabu kinasomwa au kimelala. Kwa leseni ya mikopo 26, unaisaidia foleni lakini leseni inakufa mapema zaidi: mizunguko 26 ya siku 10 ni siku 260, haifiki hata mwaka, na maktaba inarudi dukani. Kwa leseni hiyo hasara kubwa ni ile ya mtu anayekifungua kitabu, anaonja kurasa mbili, hakimpendezi, anakirudisha. Amekula mkopo mzima, sawa na aliyekisoma mwanzo hadi mwisho. Kama unataka kuonja, Libby ina kipande cha bure, Read Sample, ambacho hakigusi leseni.

Halafu kuna aina ya tatu, ambayo haina foleni kabisa. Hoopla, programu nyingine ya maktaba, inafanya kazi hivyo kwa sehemu kubwa ya vitabu vyake: maktaba hailipi leseni mapema, inalipa kila mara mtu anapobonyeza, kuanzia chini ya dola moja hadi karibu dola nne kutegemea kitabu. Kwako ni bure na papo hapo. Kwa maktaba ni kama mita ya maji iliyoachwa wazi, ndiyo maana inakupangia idadi ya vitabu kwa mwezi, na bajeti ya siku ikiisha unaambiwa urudi kesho. Msomaji anayebeba vitabu vitano "nitaviangalia baadaye" kwenye Libby amewachelewesha wenzake. Akifanya hivyo kwenye Hoopla amezitumia pesa za maktaba kabisa, na hazirudi.

Nimekaa kwenye hesabu hizi kwa sababu bila hizo mtu hawezi kuelewa kwa nini mkutubi anaponunua anafikiri tofauti na anavyofikiri kwa karatasi. Chukua maktaba ya Mama Asha. Tuseme foleni imeshafika watu 120, nakala 10, yaani watu 12 kwa nakala. Maktaba nyingi hujiwekea kiwango, na wakizidi hapo kwa kila nakala mkutubi anaongeza. Tuseme kiwango chao ni watu watano. Atahitaji nakala 24, maana yake leseni 14 zaidi, dola 840, kwa kitabu kimoja. Kwa karatasi, nakala 14 za dola 18 ni dola 252, na baada ya miaka miwili zote 14 bado ziko rafuni. Kwa kidijitali, baada ya miaka miwili zote 24 zimefutika usiku mmoja, na kama bado kuna watu wanakitaka, analipa upya. Kila mwaka bajeti inazidi kuliwa na kukodi tena vitabu ambavyo maktaba ilidhani inavyo.

Kinachotolewa mhanga hapo ni kitabu cha polepole. Kitabu kinachovuma kitakodiwa tena, foleni itamlazimisha mkutubi. Lakini riwaya ya miaka kumi iliyopita inayoazimwa mara tatu kwa mwaka haina foleni ya kuitetea. Leseni yake inapokufa, anayesimamia bajeti anaona dola 60 kwa ajili ya watu sita, anapita. Msomaji wa saba akija mwezi unaofuata, kitabu hakimo, na wala haambiwi kwamba kiliwahi kuwemo. Rafu ya karatasi ina ukarimu fulani kwa vitabu vya aina hiyo: vikishalipiwa, vinaweza kusubiri msomaji wao miaka ishirini.

Watetezi wa wachapishaji husema haiwezekani kuuza kitabu cha kidijitali moja kwa moja kwa maktaba, soko litakufa. Ninawaelekeza kwa mchapishaji Macmillan. Novemba 2019 walileta sharti lililowaudhi wakutubi wa nchi nzima: kitabu kipya kikitoka, mfumo mzima wa maktaba, uwe na tawi moja au mia, ungepata nakala moja tu kwa wiki nane za mwanzo. Baadhi ya maktaba ziligoma kununua, na Machi 2020 kampuni ikaliondoa sharti. Watu wanaikumbuka kama hadithi ya uchoyo, na kwa wiki zile nane ilikuwa hivyo. Lakini angalia ile nakala moja. Ilikuwa nusu ya bei, dola 30, na ilikuwa ya kudumu. Haikuhesabiwa miezi wala mikopo. Kampuni ileile iliyohofia soko lake ilikuwa tayari kuuza nakala isiyokufa. Kwa hiyo linawezekana, kiufundi na kibiashara. Ni suala la nani analidai, na kwa nguvu gani.

Mahakamani nguvu hiyo haikupatikana, walau Marekani. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, walijaribu njia yao: wanapiga skana kitabu cha karatasi wanachokimiliki, wanakifungia, kisha wanaazimisha nakala moja ya skana kwa kila nakala moja ya karatasi. Wachapishaji wanne walishtaki mwaka 2020, na Septemba 2024 mahakama ya rufaa ikasema hiyo si haki yao. Ulaya imekwenda upande mwingine kidogo: Novemba 2016 mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyotoka Uholanzi, iliamua kwamba kuazimisha kitabu cha kidijitali kunaweza kuingia kwenye haki ileile ya maktaba kama karatasi, iwapo ni nakala moja kwa mtu mmoja. Sharti ni lilelile linalotengeneza foleni ya Mama Asha, ila huko linailinda maktaba badala ya kuibana tu.

Kwa nini mtu wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura ajali haya? Kwa sababu mlango wa kwanza wa mikataba hii kwetu si maktaba ya mtaa, ni chuo kikuu. Mwanafunzi anayefungua kitabu cha kiada kupitia maktaba ya chuo chake, kwenye majukwaa kama ProQuest Ebook Central au EBSCO, anakutana na foleni hiyohiyo katika vazi jingine. Chuo kinaweza kununua kitabu kwa msomaji mmoja kwa wakati, kwa wasomaji watatu, au bila kikomo, na bei inapanda kwa kila ngazi. Chuo chenye bajeti finyu kinachukua ngazi ya chini. Darasa lina wanafunzi 180, mtihani ni Jumatatu, na Jumapili usiku watu 179 wanaambiwa kitabu kinatumika. Wanalaumu mtandao, wanaonyesha upya ukurasa, wanabadilisha bando. Mtandao hauna kosa. Dalili ya kutofautisha ni rahisi: kama mfumo umekutambua, jina la chuo linaonekana juu, na kurasa za utangulizi zinafunguka lakini kitabu chenyewe hakifunguki, hapo umegonga idadi ya leseni. Kama unaombwa kulipa au kuingia upya, hilo ni tatizo la kuingia, na ndilo la kumpelekea mtu wa teknolojia. La kwanza mpelekee mkutubi, na umtajie jina la kitabu na saa, kwa sababu majukwaa hayo yanahesabu waliokataliwa, na hesabu hiyo ndiyo hoja yake anapoomba fedha za kupanda ngazi.

Vyuo walau vilikuwa na faida moja: vingi viliweza kununua kitabu cha kidijitali mara moja na kukimiliki. Februari 2025 Clarivate, wenye ProQuest, walitangaza kwamba wanaachana na mauzo hayo ya mara moja na kuelekea ada ya kila mwaka. Wakutubi walipiga kelele, tarehe ikasogezwa mbele hadi katikati ya 2026, lakini mwelekeo ulibaki. Chuo kitakachoshindwa kulipa mwaka mmoja hakitabaki hata na vile vya mwaka jana.

Na sasa wachapishaji wetu. Hapa ndipo ninapoomba nisikilizwe, hasa na wale wa Dar na Nairobi wanaoanza kuandaa vitabu vyao vya Kiswahili kwa ajili ya maktaba za kidijitali, za nyumbani na za huku ughaibuni. Mkataba wa kwanza utakaoletewa utakuwa na chaguo la miezi 24, kwa kuwa ndilo lililozoeleka kwa wakubwa. Usilichukue kwa kuiga. Wao wanauza vitabu vinavyokimbia, wewe unauza vitabu vinavyotembea.

Piga hesabu ya diwani ya mashairi. Tuseme maktaba ya mji wenye Waswahili kiasi inailipia dola 30. Inaazimwa mara sita katika miaka miwili, jambo la kawaida kabisa kwa ushairi katika lugha yoyote. Kwa leseni ya miezi 24, kila mkopo umeigharimu maktaba dola 5, ghali kuliko Hoopla. Mkutubi akiona hivyo hairudishi. Umepata dola 30 mara moja, na diwani imetoweka. Chukua sasa dola 30 zilezile kwa mikopo 26 isiyo na kikomo cha muda. Kwa mwendo wa mara tatu kwa mwaka, diwani inakaa zaidi ya miaka minane, kila mkopo dola 1 na senti 15. Pesa uliyopokea ni ileile. Lakini kitabu chako kimekaa mahali ambapo binti aliyezaliwa leo atakikuta akishajua kusoma, na mkutubi hana sababu ya kukiondoa. Na kama katika miaka minane hiyo kikapata bahati, mwalimu akakipangia darasa, mikopo 26 inaisha kwa muhula mmoja na maktaba inanunua tena kwa furaha.

Kile kifungu ambacho HarperCollins walilaumiwa nacho, basi, ndicho kinachofaa zaidi kwa kitabu cha Kiswahili, almradi usiambatanishe na saa. Kibaya zaidi ni mkataba unaoweka vyote viwili, mikopo kadhaa au miaka miwili, kipi kitangulie. Huo uepuke. Na juu ya yote, weka pia nakala ya kudumu kwa bei ya juu zaidi. Maktaba ya taifa, au chuo chenye idara ya Kiswahili, italipa mara mbili au tatu kwa kitabu ambacho hakitafutika, kwa sababu kazi yake ni kutunza.

Upande wa msomaji wa Kiswahili aliye ughaibuni, kuna kitu kidogo cha kufanya leo. Ukitafuta kitabu cha Kiswahili kwenye Libby ukakikuta kipo kwa wakala lakini maktaba yako haina, kuna kitufe cha Notify Me. Kibonyeze. Hakikuhakikishii kitu, ila kinamwonyesha mkutubi kwamba kuna mtu anakitaka, na mkutubi asiyesoma Kiswahili hana njia nyingine ya kujua kama diwani fulani itapata msomaji katika mji wake. Watu watano wakibonyeza kitabu kilekile wamesema zaidi ya barua ndefu.

Mama Asha alijiandikisha. Foleni ilikwenda haraka kuliko nilivyohesabu, taarifa ikamfikia mwezi wa tano wa kungoja, katikati ya zamu nne za usiku mfululizo. Hakuiona. Siku tatu zikapita, nakala ikaenda kwa mwingine. Kwenye Libby mara ya kwanza hufutwi, unawekwa pembeni siku saba kisha unaletewa tena, na mara ya pili ukikosa ndipo jina linaondolewa. Nilimwonyesha Deliver Later, ambayo angeweza kuibonyeza mapema na kuchagua kukipokea baada ya zamu zake, nafasi yake ikiwa imebaki mbele. Kilipomjia tena alikisoma usiku sita, wakati wa mapumziko, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha dawa.

Asubuhi ya saba alipita maktaba kabla ya kwenda kulala. Alimuuliza mkutubi swali ambalo nadhani dawati lile haliulizwi mara nyingi: hiki cha kwangu ni cha miezi au cha idadi? Mkutubi alitabasamu, akageuza skrini upande wake. Ilikuwa ya miezi. Nakala 4 kati ya 10 zilikuwa zinakufa Novemba, na nyuma yake walikuwa wamebaki watu 31. Mama Asha alitoa simu palepale dirishani, akabonyeza Return Early, wakasubiri wote wawili wakiangalia skrini mpaka 31 ikawa 30.